Mshahara wa Tangazo: Haki au Umepunjwa?

Nimeona supamaketi hapa Kisumu inatafuta keshia kwa Sh22,000. Marafiki wanasema ni nzuri, wengine wanapata 15,000. Nipime na nini? (Nyalenda)

Dada yangu, usijipime na mwenzako anayepunjwa. Kazi ya keshia ina kima chake cha chini kisheria, na watu wengi hawajui. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024 halikuweka kiwango kimoja kwa kila mtu. Limepanga kazi kwa majina na maeneo kwa safu. Kibarua wa kawaida katika safu ya miji mikubwa, na Kisumu imo, asipungukiwe Sh16,113.75 kwa mwezi. Keshia yumo katika orodha hiyohiyo, pamoja na dereva wa lori, na kiwango chake kinapita Sh36,000. Hapo bado posho ya nyumba ya asilimia 15, isipokuwa mkataba useme wazi kwamba mshahara umeijumuisha.

Kwa hiyo 22,000 inampita kibarua, lakini iko chini kabisa ya keshia. Utalisoma agizo lenyewe ukitafuta mtandaoni `Regulation of Wages General Order 2024`. Angalia pia kama limetoka jipya tangu hapo.

Ujanja uko kwenye jina la kazi. Tangazo linaweza kuandika "mhudumu wa duka", kumbe wewe ndiye utakayekaa kwenye mashine ya malipo kutwa, uhesabu pesa jioni na ulipe zikipungua. Waombe orodha ya majukumu kwa maandishi kabla hujakubali. Ikiwa ni ya keshia, hoja yako ni majukumu hayo, si jina lililoko kwenye beji. Ofisi ya kazi ya kaunti itakusikiliza vizuri zaidi ukiwa na karatasi hiyo.

Nina diploma ya uhasibu na mwaka mmoja wa kazi. Shirika moja Kakamega linataka nitaje mshahara ninaotarajia. Kwenye mtandao nimeona kuanzia 25,000 hadi 60,000. Niseme ngapi? (Mumias)

Kaka, upana huo unatokana na kuchanganya kazi tofauti. Chukua kila tangazo uangalie mambo matatu: linataka miaka mingapi, mtu atafanya nini hasa, na kazi iko wapi. Tuseme umekusanya sita zenye kiasi: 25,000, 28,000, 30,000, 32,000, 35,000 na 60,000. Ukilisoma lile la 60,000 unakuta ni Nairobi, miaka mitano, na mtu anaandaa ripoti za wafadhili. Si kazi yako bado, liondoe. Yanayobaki yana katikati ya 30,000. Taja 30,000 hadi 35,000, na uanze na sababu: unafunga vitabu vya mwezi mwenyewe, au unaandaa kodi.

Usitumie wastani wa tarakimu zote sita. Hilo moja la Nairobi linauvuta hadi 35,000, ukaamini soko la Kakamega linalipa hivyo kwa kawaida.

Nyongeza nzuri ni matangazo ya bodi za utumishi za kaunti. Mengi huandika kundi la kazi na kipimo cha mshahara, kwa hiyo unaona kiasi halisi cha mtu wa diploma hapo karibu. Kumbuka tu kwamba kazi ya kaunti mara nyingi ina posho zinazoandikwa kando. Ukilinganisha mshahara wa msingi pekee na mshahara wote wa shirika, utadanganyika.

Wamesema Sh30,000. Mkononi nitabaki na ngapi? (Nakuru)

Kwanza uliza kama ni kabla ya makato. Ikiwa ndivyo, kwa viwango vya 2025: NSSF asilimia 6 ni 1,800, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ni 825, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 450. Inabaki 26,925, na hiyo ndiyo hukatwa kodi: asilimia 10 ya 24,000 za kwanza, asilimia 25 ya 2,925 zilizozidi, kisha unapunguziwa 2,400. Kodi inakuwa kama 731. Mkononi ni karibu Sh26,190.

Ndiyo maana unapomuuliza mtu anayefanya kazi kama hiyo, usiseme "unalipwa ngapi?" Mmoja atataja kilichoingia benki baada ya mkopo wa sako, mwingine atataja cha kwenye barua. Muulize kiasi kilichoandikwa juu ya karatasi yake ya malipo.

Tangazo linasema "hadi 40,000 pamoja na kamisheni". (Busia)

"Hadi" ni kilele, si mshahara. Waulize mambo mawili: kiasi kisichotegemea mauzo ni kipi, na mtu wa katikati katika timu alipata ngapi miezi mitatu iliyopita. Wakikwepa la kwanza, hesabu kwamba hakipo.