Kuchagua mtandao kwa mkono: Nyali hapana, Vanga ndiyo

Msomaji mmoja wa Nyali ameandika akilalamika. Intaneti yake hukwama kila jioni, akafungua orodha ya mitandao, akagusa kampuni nyingine, na simu ikamkatalia. Hakukosea kubonyeza. Orodha ile huonyesha mawimbi ambayo simu inayasikia, si mitandao iliyo tayari kuipokea laini yako. Hapa nchini laini huhudumiwa na mtandao wake wenyewe, labda kuwe na mkataba wa kuazimana minara. Msongamano wa jioni hautibiwi hapo. Afadhali laini ya pili.

Mahali ambapo mkono unashinda otomatiki ni mpakani. Chukua mtu wa Mombasa aliyeshuka Vanga, bado yuko Kenya. Mawimbi ya nyumbani yakififia kidogo, simu hudaka mnara wa Tanzania. Ikishadaka, haiachi upesi: maadamu mawimbi yale yanatosha, hubaki pale, na mtandao wa nyumbani huutafuta kwa vipindi tu, ambavyo vinaweza kuwa virefu.

Utajuaje? Saa haitakwambia, kwa kuwa nchi zote mbili zina saa moja. Tazama jina la mtandao juu ya skrini, herufi R kando ya mawimbi, au ujumbe wa kukukaribisha Tanzania. Mistari imejaa lakini intaneti haipo, kwa sababu romingi ya data imezimwa. Ukipiga namba inayoanza na 07 inakosea njia, maana mtandao wa kule huisoma kama namba ya kwao. Weka +254 mbele. Nako kupiga huko ni bei ya romingi, bando lako la kawaida halihusiki.

Dawa: kwenye Samsung ingia Settings, Connections, Mobile networks, Network operators, uzime Select automatically. Kwenye iPhone ni Network Selection, ndani ya mipangilio ya data ya simu, uzime Automatic. Utafutaji huchukua dakika moja au zaidi na intaneti hukatika wakati huo, usiguseguse. Majina yasipotokea utaona tarakimu: zinazoanza na 639 ni za Kenya, 640 ni za Tanzania. Chagua mtandao wa laini yako. Simu itaushikilia hata ukibaki na mstari mmoja, ila ukipotea kabisa hutapata mwingine.

Na hapa ndipo watu hujiumiza wenyewe. Anayevuka hadi Tanga akachagua mtandao wa kule kwa mkono, kisha akarudi bila kurudisha otomatiki, anaweza kufika Likoni simu ikiandika hakuna huduma. Anatoa laini, anaipuliza, anaenda dukani kuibadilisha. Laini ni nzima. Simu inatii amri aliyoipa Tanga.