Mhe. au Ndg.? Niliyojifunza nikiandika mihtasari ya vikao Dodoma

Kazi yangu ya kwanza Dodoma ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani katika halmashauri moja ya mkoa huu. Kikao cha pili tu nikaharibu. Tulipofika ajenda ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, diwani mmoja wa makamo alisimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa kwanza, kwenye mahudhurio, nimeandikwa Ndg. Naomba parekebishwe." Hakufoka, ila ukumbi mzima uligeuka kunitazama.

Nilidhani amekasirikia heshima yake. Jioni mkuu wangu wa kazi alinikalisha akanieleza kisa chenyewe. Katika baraza, wanaopiga kura ni madiwani. Mkurugenzi ni katibu wa kikao, na wakuu wa idara wapo kama wataalamu: wanashauri na kujibu hoja, lakini kura hawana. Kwenye mahudhurio madiwani huandikwa Mhe., mkurugenzi na wataalamu wake Ndg. Kumwandika diwani Ndg. ni kumhamishia upande wa wataalamu. Mtu akisoma karatasi ile baada ya miaka mitano, hatajua kwamba alikuwa na kura.

Tangu siku hiyo maneno haya mawili nayagawa hivi: mheshimiwa hufuata kiti. Mbunge, diwani, waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, jaji na hakimu ni waheshimiwa kwa viti vyao. Katibu mkuu wa wizara, mkurugenzi na mtendaji wa kata ni watumishi. Hao ni Ndugu, au kama ana taaluma yake basi Dkt. au Mhandisi. Usiligeuze hili kuwa kipimo cha kura, maana mkuu wa wilaya akialikwa kwenye baraza ni Mhe. bila kuwa na kura. Na ukiwa ana kwa ana ofisini, mtumishi ukimwita "Mheshimiwa" wengi watapokea. Lakini mkurugenzi wetu alikuwa anasahihisha papo hapo: "Waheshimiwa wako ukumbini, mimi ni mtumishi." Ukiiandikia barua ofisi yake, andika Ndugu Mkurugenzi, hutamkosea hata kidogo.

Wazee wetu hapa wanakumbuka enzi ambazo Ndugu lilitosha kwa wote. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, waziri na mkulima waliitwa kwa neno moja, mwanamume na mwanamke vilevile. Hilo la mwisho ndilo linaloniokoa hadi leo: ukiandikia mtu ambaye jina lake halikuonyeshi kama ni bwana au bibi, Ndg. halina kosa.

Lakini neno hilo likitamkwa, tega sikio. "Ndugu yangu" na "ndugu" peke yake hayafanani. Muuza nyanya wa soko la Majengo akisema "ndugu yangu, chukua fungu hili," amekusogeza karibu. Mlinzi wa geti akisema "ndugu, unaelekea wapi?" amekuweka mbali, na hapo jibu kwa ukamilifu: jina, ofisi unayokwenda, shida yako. Ndiyo maana mtu nisiyemjua simwiti "ndugu" tupu. Mwenye umri wa mzazi wangu ni shikamoo kwanza, kisha mzee au mama. Rika langu ni kaka, dada au ndugu yangu. Mama wa makamo ukimwambia "samahani ndugu," atakujibu, ila utaona uso umebadilika.

Komredi ni habari nyingine. Dodoma ndiko makao makuu ya Chama Cha Mapinduzi yalipo, na wajumbe wakija vikaoni utalisikia mahotelini na kwenye bajaji. Abdulrahman Kinana alipokuwa Katibu Mkuu wa chama hicho, watu walizoea kumwita Komredi Kinana. Neno hili linasema: mimi na wewe tuko upande mmoja. Kwa hiyo linahitaji upande. Ndani ya chama ni joto. Kwenye kikao rasmi cha chama hicho hicho utasikia zaidi "Ndugu Mwenyekiti".

Ofisini kwetu kijana mmoja aliyetoka chuoni alikuwa akiwaita wenzake wote makomredi, kwa upendo kabisa. Siku moja alimpokea hivyo mwananchi aliyeleta malalamiko ya kiwanja chake. Yule mzee alifunga faili lake, akauliza kwa upole kama hapa ni ofisi ya serikali au ya chama. Kijana aliomba radhi, akamvutia kiti, akasema, "Karibu mzee wangu, nieleze." Faili likafunguliwa tena.