Kuvunja randevu: muzee wako unamupigia simu, mukubwa wa leta unamupelekea barua

Hii nitaeleza ilinipata hapa Lubumbashi, na naandika juu naona bandugu wengi bako wanarudilia kosa ile ile yangu. Kosa yenyewe haikuwa kukosa adabu. Adabu nilikuwa nayo, ila niliiweka fasi haiko yake: muzee mwenye kunilea mu kazi nilimuandikia sawa mukubwa wa leta, na mukubwa wa leta nilimuandikia sawa muzee wangu.

Tuko na kikundi kidogo ya bamama banaolima mboga, miye njo ninabashikia hesabu. Tulikuwa tunatafuta karatasi ya kiwanja, na kwa ile inabidi mukubwa mumoja wa provinsi akupokee mu biro yake. Miezi miwili tuliandika, hakuna jibu. Mwisho muzee wangu, mwalimu wa zamani mwenye kunifundisha kushika buku ya hesabu toka nikiwa kijana, anaishi Katuba, akaenda yeye mwenyewe kunisemea. Wakanipa odianse siku ya Alhamisi, 10h00. Na ile siku saa tisa ya mchana nilipashwa kupita kwa muzee kumueleza vile ilienda.

Jumatano usiku mutoto akashikwa na homa kali, tukalala hopitali. Asubui saa kumi na mbili niko pale ku kitanda, telefone mu mukono, usingizi hakuna, nikaandika mesaji mbili. Kwa mukubwa nilituma Watsapu ku namba yake ya kwake mwenyewe, ile alinipatia siku moja ku matanga: "Papa bonjuru, mutoto amegonjwa sana, joto imepanda, usiku muzima tuko hopitali, sitaweza kufika, tufanye kesho?" Kwa muzee, juu niliona haya ya kumuangusha, nikatafuta maneno makubwa makubwa: "Muheshimiwa, kwa sababu zisizozuilika ninasikitika kukujulisha kwamba mkutano wetu hautawezekana. Pokea heshima zangu."

Mukubwa alisoma, alama mbili za buluu zilionekana, jibu hakuna. Saa ine sekretere akaita jina yangu ku liste, hakuna mutu, akaandika mutu hakufika. Juu yeye hakujua kitu, mesaji ilikuwa mu telefone ya shefu, haikuwa mu dosie. Na muzee? Muzee alijua kama sikufika kwa kuambiwa na mukubwa, mbele miye nimueleze vizuri. Aliniambia tu: "Mwanangu, nani alikuandikia ile mesaji? Nilizani umekasirika na miye." Ile neno ilinichoma kuliko odianse yenyewe.

Sasa, kwa nini ilikuwa vile.

Odianse haiko randevu ya batu wawili. Yule mukubwa hakukupa saa yake sawa mutu, biro njo ilikupa, na biro inakumbuka tu kile kimeandikwa. Kuko ajanda, kuko liste ya siku, kuko sekretere mwenye kuchunga mulango, kuko buku ya barua zenye kuingia. Ukimuambia shefu peke yake mu sikio, umemupa kazi ya kukumbuka kwa ajili yako, na sekretere ataonekana hakufanya kazi yake vizuri. Na usiku ya hopitali, joto ya mutoto, hayo yote hayamuhusu: ukimueleza ni sawa umemulazimisha akuonee huruma ao akukatalie. Halafu lile neno "tufanye kesho?", pale njo nilikosea zaidi. Mutu mwenye kupewa odianse hapangi siku. Analomba.

Kwa muzee ni kinyume kabisa. Yeye hana buku wala liste, eko na weye. Akiona maneno ya biro anasikia umemusukuma nje ya mulango. Ukificha sababu, anaanza kuitafuta yeye mwenyewe, na ile ataipata mara nyingi ni mbaya kuliko ya kweli. Watu wengi wanazani heshima ni kuongeza maneno mazito, lakini kwa mutu wa karibu heshima iko mu sauti, mu kusema ukweli, na mu kumuambia yeye wa kwanza.

Miezi kazaa kisha, tulipata odianse ingine, na tena ikabidi kusogeza juu mujomba alikufa kule Likasi, maziko siku ile ile. Safari hii nilifanya tofauti, acha nieleze vile ilienda.

Habari ilinifikia mangaribi, siku moja mbele. Kitu ya kwanza nilimupigia muzee, mbele ya biro, mbele ya mutu mwingine yeyote. Si juu ya mapenzi tu: yeye njo alisimama nyuma ya ile odianse, jina yake iko pale, kama mukubwa anamukuta fasi na kumuuliza "kijana wako yuko wapi?" lazima akuwe na jibu. Nilipiga simu, sikuandika. Nikasema: "Papa, shikamoo. Mujomba wa Likasi ametuacha leo. Kesho sitaweza, ku biro wala kwako. Ku biro nitapeleka barua asubui, lakini nilitaka usikie kwangu. Jumanne saa tisa nitakuja, kama itakufaa." Dakika tatu ao ine, yeye akauliza ya familia, akatoa pole, akasema barua nisisahau kopi. Siku ilipangwa pale pale mu simu, kwa muzee usiache hewani, ukisema "tutaonana" bila siku anasikia umemukimbia. Na kisha simu nikamutumia mesaji fupi ya Kiswahili yetu ya kila siku: "Papa aksanti, Jumanne saa tisa niko kwako." Basi.

Kwa biro, saa mbili ya asubui sawa wamefungua, nilimupigia sekretere. Sio shefu, ata kama namba yake niko nayo. Sekretere unamuheshimu sawa shefu: "Mama bonjuru, miye ni fulani wa kikundi fulani, niko na odianse leo 10h00, nimepata maombolezo ya familia, barua ya kulomba musamaha inafika sasa hivi." Neno moja ya sababu inatosha. Maombolezo, ugonjwa, safari ya kazi. Yeye atakata jina ku liste mbele shefu hajaliona, na ile peke yake inakuokoa.

Barua nilikuwa nimeandika usiku, kurasa moja, kopi mbili, mudogo wangu akapeleka. Barua za biro kwetu zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini maana yake ilikuwa hii: juu, jina ya kikundi na namba ya telefone, fasi na tarehe. Kisha kwa nani, na pale unaandika cheo, hauandiki jina yake peke yake. Kisha musitari ya kitu barua inahusu: "kulomba kusogezwa kwa odianse ya tarehe fulani". Kisha maneno yenyewe, na ni mafupi: "Mheshimiwa, nina heshima ya kukujulisha kwamba, kwa sababu ya maombolezo ya familia, sitaweza kufika mbele yako leo saa 10h00, kama nilivyomujulisha sekretere wako kwa telefone. Ninalomba musamaha kwa usumbufu, na ninakulomba, kama itakupendeza, unipangie siku ingine. Ninabaki tayari kwa siku na saa utakayoona inafaa." Formule ya mwisho ya heshima, jina, cheo changu mu kikundi, siniye. Hakuna Likasi, hakuna mujomba, hakuna "Papa". Na jina ya muzee sikuitia mule, juu kutaja mutu mwenye kukusemea mu barua ni kumufinya mukubwa, na ni kutumia jina ya muzee bila ruhusa yake.

Angalia ile saa pia. Kwa muzee nilisema saa tisa. Mu barua naandika 10h00, siandike "saa ine", juu mu karatasi mutu anaweza kusoma kama 4h ao 16h. Na kama biro yenyewe iko Kinshasa, andika saa ya wapi, sisi tunabatangulia saa moja.

Kopi ya pili njo silaha yako. Sekretere anapokea ya kwanza, ya pili anapiga kashe, anaandika tarehe na kuweka siniye, hiyo tunaita akize. Kama iko namba ya kuingia, andika ile namba. Mudogo wangu alitaka kurudi bila kashe juu planto alimuambia "acha tu hapa ku meza", nikamuambia mu simu: bakia pale mpaka kashe. Wiki moja kisha, nilipopita kuuliza, nilionyesha ile akize, sekretere akafungua buku, akaona, hakuna mutu alisema sikufika. Siku mupya ilitoka kisha wiki mbili.

Kuko fasi inaleta shida. Saa zingine habari inakupata saa moja tu mbele, barua haiwezi kufika. Basi simu kwa sekretere mbio, na barua ipelekwe siku ile ile, ata mchana, isipite kesho. Usitume mutu mwingine aingie mu fasi yako bila kulomba, ata kama ni prezida wa kikundi: odianse ilipewa kwa jina yako, lomba kwanza kama wanaweza kumupokea. Na kwa muzee usimutume mudogo wako kupeleka habari, isipokuwa telefone yake imezima, na hapo ujue utapita weye mwenyewe kisha.

Fasi ngumu zaidi ni kama muzee wako njo mukubwa mwenyewe. Rafiki yangu eko mu hali ile, mwenye kumulea leo eko na biro na planto ku mulango. Miye nilimuambia aangalie tu randevu ilipangwa wapi. Kama ilipita kwa sekretere, barua iende kwa sekretere na maneno yote ya biro, bila kupunguza ata moja, juu bale bengine mu biro wako wanaangalia kama bana ba muzee wanajichukulia. Kisha mangaribi, muzee akiwa amefika nyumbani, unamupigia simu: "Papa, barua umeona? Mutoto njo aligonjwa, sasa anaendelea vizuri."