Nyumba ya urithi Nairobi, kodi ya Marekani: faida inaanza kuhesabiwa wapi?

*"Habari mhasibu. Baba alifariki Nairobi Machi 2021 akatuachia nyumba, tuko watoto 3. Alinunua 1994 kwa milioni 1.2, sisi tumeuza Agosti 2024 kwa milioni 21. Mimi niko Minnesota na grini kadi. Kuna mtu kaniambia IRS watanidai kodi ya faida yote tangu 1994, ni kweli?"*

Pole sana kwa kumpoteza mzee, dada. Huyo mtu amekupotosha. Kwa sheria ya Marekani, mali ya urithi thamani yake ya kuanzia ni bei ya soko siku ile mwenyewe alipofariki, siyo bei aliyonunulia, na ni hivyo hata kama marehemu hakuishi Marekani na nyumba yenyewe iko Kenya. Kilichopanda kati ya 1994 na Machi 2021 hakikuhusu kabisa. Mauzo lazima uyaonyeshe maana ukiwa na grini kadi unaripoti mapato ya dunia nzima, lakini hesabu yako inaanza siku ya msiba.

Sasa tuseme Machi 2021 nyumba ilikuwa na thamani ya milioni 18. Fungu lako ni milioni 6, na kwenye mauzo ni milioni 7. Hapa wengi wanakosea, wanatoa 6 kwa 7 wanasema faida ni milioni moja halafu ndio wanabadilisha kuwa dola. Siyo hivyo, kila upande unabadilishwa kwa reti ya siku yake. Machi 2021 dola ilikuwa karibu shilingi 110, kwa hiyo milioni 6 ni dola 54,545. Agosti 2024 ilikuwa karibu 129, milioni 7 zikawa dola 54,264. Umeona? Kwa shilingi umepata, kwa dola una hasara ya 281, na hapo hata hatujatoa hela ya wakili na ya dalali ambazo nazo zinapunguza. Ungefuata ushauri wa yule mtu, kwa kiwango cha asilimia 15 ungelipa kama dola 7,000 bure.

Shida kubwa iko kwenye hiyo milioni 18, maana lazima uwe na karatasi. Tafuta mthamini aliyesajiliwa Kenya umwambie waziwazi unataka thamani ya *Machi 2021*, siyo ya leo, yeye ataangalia nyumba za mtaa huohuo zilizouzwa kipindi kile. Ripoti isiyotaja tarehe ya kifo haikusaidii. Pia angalia ile fomu familia mliyojaza mahakamani mkiomba usimamizi wa mirathi, watu wengi huandika thamani ndogo pale ili mambo yaende haraka, sasa ikiwa pale mmeandika milioni 5 na kwa IRS unasema 18, utaulizwa, na bila ripoti ya mthamini utakosa jibu.

Kitu kingine nakuomba uhakikishe ni taito ilikuwa kwa jina la nani. Kama mzee aliwahamishia nyumba akiwa hai, hiyo ni zawadi, na kwa zawadi unarithi bei yake ya 1994, hapo yule mtu anakuwa sawa. Na kama mlipangisha baada ya msiba, uchakavu wa nyumba unapunguzwa kwenye thamani ya kuanzia hata kama hukuwahi kuudai, usisahau.

Mauzo yanaingia Fomu 8949, sehemu ya muda mrefu, na pale kwenye tarehe ya kupata mali unaandika `INHERITED`. Hata mngeuza mwezi mmoja baada ya mazishi bado ingehesabiwa ya muda mrefu. Hasara unaweza kuidai mradi nyumba hukuitumia wewe mwenyewe kuishi au kwa likizo. Fomu 3520 ya kuripoti urithi kutoka nje haikuhusu kama hicho ndicho kitu pekee ulichorithi mwaka ule, maana inaanza urithi ukipita dola 100,000, ila ungekuwa mrithi peke yako ingekuhusu na faini ya kutoijaza ni asilimia 5 ya urithi kwa mwezi mpaka 25. Na kama hela yako ilikaa kwenye akaunti ya Kenya ikapita dola 10,000 hata siku moja tu, jaza FBAR, ile ripoti ya akaunti za benki za nje.

Upande wa Kenya ni hesabu nyingine. Mali ikiuzwa kwa ajili ya kugawa mirathi ndani ya miaka 2 tangu kifo, kodi ya faida ya mtaji haitozwi, na kama kulikuwa na kesi miaka hiyo inaanza kesi inapoisha. Nyinyi mmepitisha miaka 3, kwa hiyo muulizeni wakili kama kulikuwa na kesi, au kama Kamishna wa KRA aliwaongezea muda kwa maandishi. La sivyo ni asilimia 15 ya faida, kiwango cha tangu Januari 2023. Na hiyo mkiilipa usitegemee kuikata kwenye kodi ya nyumba hii huku Marekani, maana ukishaonyesha hasara hakuna kodi ya kupunguza.