Barua ya mama kwa binti yake, baada ya kumsema mbele za watu

Barua nyingi za mama kuomba radhi huharibika kwenye sentensi ya pili. Ya kwanza inasema "Mwanangu, nisamehe", ya pili inaanza na "lakini". Binti akifika hapo, yaliyobaki anayasoma kwa jicho la mtu anayesutwa mara ya pili.

Tuchukue kisa kimoja. Familia imekusanyika, binti anatoa maoni juu ya malezi ya mtoto wa mdogo wake. Mama anamkata kauli mbele ya shangazi zake wawili na wifi zake: "Wewe ndoa imekushinda, utamfundisha nini mwenzako?" Binti ananyamaza, anachukua mkoba wake na kuondoka chakula hakijapakuliwa. Usiku mama anaandika hivi:

"Mwanangu, nisamehe kama nilikukwaza siku ile. Unajua nilikuwa nimechoka, na wewe nawe hukunyamaza. Mimi ni mama yako, siwezi kukutakia mabaya. Yaishe."

Kila sentensi hapo ina mwiba wake. "Kama nilikukwaza" inatia shaka jambo ambalo watu wote mezani waliliona. "Siku ile" inayafunika maneno yenyewe, na binti hataamini kwamba mama ameyajutia ikiwa hata kuyataja hawezi. Uchovu unaweza kuwa wa kweli, ila ukiunganishwa na "wewe nawe", hesabu ya kosa inagawanywa nusu kwa nusu. "Mimi ni mama yako" inamziba mdomo. Na "yaishe" ni amri: aliyeumiza ndiye anayepanga kidonda kipone lini.

Rasimu hiyo si ya kutupa, kwa kuwa hasira na kujitetea lazima vitoke mahali. Ilaze usiku mmoja. Asubuhi chukua kalamu ukate kila "kama", "lakini" na "wewe nawe", kisha uandike upya kwa kuanza na maneno yenyewe, jinsi yalivyotamkwa:

"Mwanangu, Jumapili nilisema ndoa imekushinda. Nilisema mbele ya shangazi zako na wifi zako. Ilikuwa siri yako uliyoniletea mimi ukilia, nikaigeuza fimbo ya kukuchapia. Hukufanya lolote la kustahili maneno yale. Nimekosa, na ninakuomba radhi. Nataka kuwaambia shangazi zako na wifi zako, mmoja mmoja, kwamba nilikosea. Kama hutaki jambo hili litajwe tena, niambie nami nitanyamaza. Huna haja ya kunijibu sasa."

Hiyo inatosha, haijazi hata ukurasa mmoja. Uzito wake uko kwenye sentensi ya tatu, ile ya siri. Matusi yenyewe huuma, ila mara nyingi kinachomkosesha binti usingizi ni kwamba aliyefichuliwa ni yeye, na aliyemfichua ndiye aliyekuwa akimwamini. Mama asipoligusa hilo, ameomba radhi kwa kosa dogo na kuliacha kubwa.

Mwaka 2016 mtafiti Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani na wenzake walichapisha utafiti juu ya sehemu sita za kuomba radhi. Iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko zote ni kukiri kwamba kosa ni langu, ikifuatiwa na kujitolea kurekebisha. Kumwomba aliyekosewa asamehe ndiko kulikoshika mkia. Ndiyo maana barua ile ya pili haisemi "nisamehe" hata mara moja.

Sehemu ya kurekebisha ndiyo akina mama wengi huiruka. Aibu ilitokea hadharani, na barua inasomwa chumbani. Waliosikia wanabaki na maneno ya mwanzo. Warudie hao hao waliokuwepo, usizidishe hata mmoja. Kuandika kwenye kundi la familia la simu kunawapa habari hata wale ambao hawakuwepo, na hapo umemwaibisha mara mbili. Subiri kwanza binti aseme neno lake. Akinyamaza, usichukue ukimya kuwa ruhusa.

Mpelekee mwenyewe au mtumie moja kwa moja, ndani ya wiki. Usimpitishie kaka yake, maana atakayeipeleka atatakiwa kuleta majibu. Ujumbe wa sauti mimi siupendi kwa jambo hili: kilio cha mama kinamlazimisha binti aanze kumbembeleza yeye.

Ukishaituma, usiulize "umeipata?" Akijibu kwa hasira na kufukua ya miaka kumi iliyopita, usishindane naye kuhusu tarehe na nani alianza. Jibu lile moja alilolitaja kwa namna ile ile: taja ulichokifanya, kisha nyamaza.