Königsberg ilikwamishwa na makaa, si dhahabu

Swali: Babu alituambia manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha Rufiji mwaka 1914 kwa sababu ilibeba dhahabu. Kama ilikuwa na mbio hivyo, kwa nini haikurudi kwao? Kuna mtu hapa kijijini anauza ramani ya ilikozikwa.

Jibu: Habari ya dhahabu naletewa kila mara, na kila mara nauliza jambo moja: meli hiyo ingepakia makaa ya mawe wapi?

Königsberg iliweza kwenda maili 24 za baharini kwa saa. Wengi wanaishia hapo. Kwa mwendo wa maili 12 kwa saa, makaa yake yalitosha safari ya maili 5,750 hivi. Lakini ukizidisha mwendo mara 2, injini inadai nguvu karibu mara 8, na kila maili inakula makaa mara 4. Kwa mbio zile unazosimuliwa, isingefika mbali zaidi ya maili 1,400 au pungufu. Hata bandari ya Aden, kusini mwa Arabuni, isingeigusa. Ujerumani ni zaidi ya maili 6,000 kupitia Mfereji wa Suez, na Suez ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Mwingereza alikuwa na bohari za makaa Aden, Bombay, Colombo, Mombasa na Simon's Town kule Afrika Kusini. Mjerumani hakuwa na hata bandari moja yenye ngome katika Bahari ya Hindi, alitegemea meli za mizigo zimfuate. Vita vilipoanza, Waingereza wakanunua makaa yaliyokuwepo Msumbiji ili asiyapate. Agosti 1914 Königsberg iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester karibu na Omani, ikachota makaa yake, kisha ikaongezewa na meli ya mizigo ya Kijerumani iitwayo Somali.

Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, nayo Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Baada ya hapo injini ya Königsberg yenyewe ikaharibika. Vipuri vilibebwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa Rufiji. Hapo ndipo Waingereza walipoikuta na kuziba midomo ya mto.

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilileta makaa kwa ajili ya Königsberg. Ikapigwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Silaha nyingi ziliokolewa, makaa hayakufika. Tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamizwa mtoni. Mizinga yake 10 ilichukuliwa ikapigana nchi kavu.

Huyo muuza ramani mwambieni aondoke. Wa aina yake wapo Tanga, wapo Kilwa, na kila mmoja ana mzee aliyemwona Mjerumani akifukia sanduku. Ubaya ni kwamba watu wanachimba kweli, wakigonga chuma chochote kwa nyundo wakidhani ni kufuli. Kombora la mzinga likikaa topeni miaka 100 bado linaweza kulipuka. Mkikuta chuma cha duara chenye ncha, msikiguse, piteni mbali, mwiteni polisi.