Namba 1 iliponidanganya kwenye picha ya swali la mteremko

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, anasoma PCM, na likizo alikuwa kwa bibi yake Mpwapwa. Mchana mmoja akanitumia picha WhatsApp: karatasi ya kopi iliyofifia, mlinganyo juu, chini yake mkunjo uliofungana kama yai lililolalia ubavu, na nukta nyeusi imewekwa kwenye (1, 2). "Shikamoo mjomba. Hapa gredienti ni ngapi?" Nami nilikuwa Sabasaba nasubiri daladala, jua la saa nane linapiga kioo cha simu, na kipeo kilichoandikwa juu ya x kilikuwa kidogo kama sisimizi. Nikakisoma 3.

Kwa hiyo nilichokiona mimi ni x³ + xy + y² = 7. Sikukurupuka, maana nina desturi moja ninayoiamini: kabla ya kudiferenshieti chochote kilichotoka kwenye picha, ingiza nukta kwenye mlinganyo uone kama inakubali. Moja, jumlisha mbili, jumlisha nne, ni saba. Imekubali. Nikapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti, nikamjibu: hasi moja.

Jioni akanipigia. "Mjomba, nimeuchora mstari wako, unakata."

Alichokuwa amefanya ni hiki. Mstari wa mteremko −1 unaopita (1, 2) unapita pia (2, 1), na kwenye ile karatasi mkunjo nao unapita (2, 1). Basi mstari wangu uliingia ndani ya yai kwenye nukta moja ukatokea kwenye nyingine. Tanjenti ya umbo la namna ile hugusa mahali pamoja tu na haiingii ndani. Nikamwambia anisomee mlinganyo kwa mdomo. "Eksi kipeo cha pili, mjomba."

Kosa lilinipita kwa sababu ya namba 1. Ukiipa kipeo cha pili ni 1, cha tatu ni 1, hata cha kumi ni 1. Kwa hiyo nukta (1, 2) ina uwezo wa kukuonyesha kama umekosea kipeo cha y, kwa sababu 2 kwa kipeo cha tatu ni 8 na jumla ingeruka hadi 11. Lakini kuhusu kipeo cha x haina la kusema. Mteremko ndio unaojua tofauti: x² inazaa 2x, yaani 2 pale kwenye nukta, wakati x³ inazaa 3x², yaani 3. Nukta ikakubali, jibu likaharibika.

Tufanye sasa hesabu yenyewe, taratibu, kwa mlinganyo sahihi:

```
x² + xy + y² = 7
```

Hapa y haijakaa peke yake upande mmoja, na hakuna haja ya kuilazimisha. Unadiferenshieti kila kipande kwa x, huku ukikumbuka kwamba x ikisogea, y nayo inasogea. Ndiyo maana kila unapoigusa y unaacha alama y′ kando yake. x² inakuwa 2x. y² inakuwa 2y·y′. Saba haisogei, inakuwa sifuri. Nimewaona vijana wengi wakiiacha 7 imekaa palepale. Kipande cha katikati, xy, ndicho kinachoangusha watu, kwa kuwa ni zao la vitu viwili na vyote vinasogea: kinatoa y + x·y′. Anayeandika y′ peke yake atapata −2/5, jibu linalofanana na jibu.

```
2x + y + x·y′ + 2y·y′ = 0
```

Hapa ushauri wangu ni kuingiza namba papo hapo. Walimu wengi hukutaka kwanza uitenge y′ kwa herufi, na mtihani ukidai hivyo fanya, ila kama unatakiwa mteremko wa nukta moja tu, herufi nyingi ni nafasi nyingi za kupoteza alama ya hasi. Weka x = 1 na y = 2:

```
2 + 2 + y′ + 4y′ = 0
5y′ = −4
y′ = −4/5
```

Angalia tu usiziingize kabla ya kudiferenshieti. Ukifanya hivyo unabaki na 7 = 7, na hapo hakuna tena cha kudiferenshieti.

Mteremko −4/5 maana yake ukienda miraba mitano kulia unashuka miraba minne. Kutoka (1, 2) unafika (6, −2), na njiani mstari unakata mhimili wa x kwenye 3.5. Nilimwambia achore huo. Safari hii uligusa ukapita zake.

Ukitaka uhakika usiotegemea mchoro, chukua x mbili zilizo jirani na 1 utafute y zake. Kwa x = 0.9, mlinganyo unakuwa wa kipeo cha pili wa kawaida wa y, na jibu la upande wa juu ni karibu 2.0783. Kwa x = 1.1 ni karibu 1.9183. Tofauti ni −0.16, gawa kwa 0.2, unapata −0.8. Ni kazi ya dakika mbili kwa kikokotoo. Lakini angalizo: njia hii inathibitisha hesabu, haithibitishi macho. Kama umesoma kipeo vibaya, itakuthibitishia kosa lako vizuri kabisa.

Macho yanathibitishwa na umbo. Siku hizi, baada ya kuijaribu nukta iliyowekwa alama, natafuta kwenye mkunjo nukta nyingine isiyo na 0 wala 1 kwenye x, hasa inayokaa kwenye kona ya miraba. Kama siioni, naangalia mkunjo unakata wapi mhimili wa x. Hapo y ni sifuri, kwa hiyo x² = 7, na x ni karibu 2.65 kulia na −2.65 kushoto. Kwa x³ ungekata mara moja tu, karibu na 1.91, na upande wa kushoto usingejifunga, ungekwenda moja kwa moja. Yai lile lilikuwa limejifunga mbele ya macho yangu. Ningelitazama sekunde kumi, risiti yangu ingekuwa salama.

Na usipime mteremko kwa rula juu ya kioo. Picha iliyopigwa kiubavu inainamisha kila kitu, na mara nyingi mhimili wa x na wa y hazina kipimo kimoja. Hesabu miraba ukifuata namba zilizoandikwa kwenye mihimili yenyewe. Anayekutumia swali mwambie alitume kama dokumenti, maana WhatsApp huikandamiza picha ya kawaida, na herufi ndogo za vipeo ndizo huanza kufutika.

Wiki iliyofuata kijana akatuma swali jingine, mkunjo uleule, nukta imehamia kwenye mhimili wa y. Mlinganyo safari hii alikuwa ameuandika upya kwa mkono, vipeo vikubwa kama namba za basi. Nikaweka x = 0, y = √7, nikapata −1/2. Kabla sijamtumia, nikafuta 2 nikaweka 3 kwenye kipeo cha x, nikarudia. Ikatoka −1/2 vilevile, kwa sababu kwenye sifuri 2x na 3x² zote zinakufa. Nikamwandikia: "Hii ungenitumia hata imefifia." Akajibu kwa kicheko na picha ya swali la tatu, imepigwa gizani.